Uzi: Nataka kuandikia barua familia ya jirani yangu wa kwenye basi aliyefariki. Niandike nini, niache nini?

Kiti Cha Dirishani (mwanzisha uzi)

Wakuu habari. Naomba ushauri wa watu wazima.

Miezi saba iliyopita nilikuwa kwenye basi la usiku kutoka Dar, kati ya Dumila na Gairo. Kulikuwa na lori limeharibika, limeachwa kwenye njia yetu, mbele yake wameweka matawi ya miti tu. Dereva aliliona karibu mno, akakwepa kulia, ubavu wa kushoto ukalivaa. Kampuni siitaji na msiniulize.

Mimi tiketi yangu ilikuwa ya dirishani, upande huo wa kushoto. Goti langu bovu, halikunji muda mrefu, kwa hiyo pale Ubungo nilimwomba mzee niliyekaa naye tubadilishane, yeye akae dirishani, mimi nikae njiani ninyooshe mguu. Akakubali bila neno. Alikuwa anakwenda Kondoa. Magotini kapakata kichwa cha cherehani kilichofungwa kanga, hakutaka kukiweka chini kwenye buti. Msamvu alinunua machungwa, akanimenyea moja.

Baada ya ajali aliishi kama dakika arobaini. Alikuwa amebanwa kiunoni. Tuliongea. Mimi nilivunjika mkono na mbavu mbili.

Nimeanza hiyo barua mara tano, naichana. Nimwandikie nani? Habari ya kiti niiseme? Alipoomba maji nikampa, na kuna mtu pale barabarani aliniambia "umemuua, majeruhi hapewi maji". Hilo nalo niliandike?

Jembe La Babati

Pole mkuu. Kwa fidia unahitaji PF3, ripoti ya polisi, na risiti zote za hospitali. Usiandike barua, nenda moja kwa moja kwa bima. Mbavu mbili si mchezo, dai pesa ndefu.

Mama Wawili

@Jembe La Babati umesoma kichwa cha uzi au umeona neno "basi" ukakimbilia pesa? Kaka anataka kuandikia wafiwa.

Jembe La Babati

Nimesoma haraka, samahani. Ila ushauri wangu wa fidia uko palepale.

Nesi Wa Zamu

Kiti, nianze na maji, maana naona ndiyo yanayokunyima usingizi.

Mtu aliyebanwa kiunoni, fupanyonga imevunjika, anavuja damu kwa ndani. Huioni, nguo zake zinaweza kuwa kavu kabisa. Damu ikipungua mwilini mtu anashikwa na kiu kali, midomo inakauka, anaanza kutoa jasho la baridi. Yaani ile kiu ilikuwa dalili ya kinachomwondoa. Hukumletea wewe. Sisi tunakataza maji kwa sababu mbili: majeruhi akipelekwa upasuaji tumbo liwe tupu, na akizimia akitapika yasimpalie. Sasa niambie, alipaliwa? Alikohoa? Ulimpa kiasi gani?

Kiti Cha Dirishani

Kifuniko cha chupa. Vifuniko vitatu au vinne. Hakukohoa. Alisema "ahsante mwanangu, baridi". Maji hayakuwa ya baridi, yalikuwa ya moto ya kwenye basi.

Nesi Wa Zamu

Basi ulimlowanisha mdomo. Hata mimi ningekuwa pale ningefanya hivyohivyo. Kwenye barua andika kwamba aliomba maji ukampa kidogo, basi. Usiandike maneno ya yule wa barabarani, utawapandikizia shaka ambayo hawakuwa nayo.

Mtoto Wa Ukerewe

Mimi sikubaliani na barua yenyewe. Baba yangu mdogo alipona MV Bukoba mwaka 1994, na hakuandika barua wala hakuzungumza na mtu. Aliyepona anyamaze, wafiwa wanapomwona wanajiuliza kwa nini yeye na si wao.

Mwanza Kongwe

MV Bukoba ni tarehe 21 Mei 1996, si 94. Siku zile nilikuwa kijana, tulikwenda Igoma kuzika mpaka mikono ikatoka malengelenge. Na wapo waliopona waliokwenda kuzungumza na wafiwa. Jirani yetu alikuja mtu akamwambia mumeo nilimwona sitaha ya chini kabla meli haijalala. Yule mama alikuwa bado anaamka usiku kufungua mlango akisikia hatua. Baada ya pale aliacha.

Mtoto Wa Ukerewe

Sawa 96. Nilikuwa mdogo. Hoja yangu haijabadilika.

Mpemba Asili

Hoja ya @Mwanza Kongwe ni nzito na kwetu tunaijua. Spice Islander ilipozama Nungwi, Septemba 2011, hesabu ya mwanzo ilitajwa watu mia mbili na kitu. Tume ilipokuja kutoa ripoti ikasema ndani walikuwamo watu 2,470, na waliokufa na kupotea ni 1,573. Meli yenyewe ya watu 645. Maana yake nyumba nyingi Pemba hazikupata maiti ya kuzika. Mke hajui aanze eda lini, ndugu hawajui wagawe mirathi au wangoje. Mtu aliyeelea juu ya godoro akapona, akija kusema "fulani nilimwona, aliachia godoro alfajiri, hakurudi juu", neno lake kwa kadhi na kwa familia lilikuwa na uzito kuliko rambirambi zote.

Wewe wafiwa wako maiti waliipata, alhamdulillah. Lakini zile dakika arobaini hawana. Unazo wewe.

Sasa nikuulize la muhimu. Kondoa, mzee, bila shaka Muislamu. Alitamka shahada?

Kiti Cha Dirishani

Mimi ni Mkristo, mkuu. Mwishoni alikuwa ananong'ona, midomo inacheza, nilisikia kama "la... la..." na jina la Mungu. Nilikuwa nafikiria kuandika kwamba aliitamka, maana najua watafurahi.

Mpemba Asili

Usiandike hivyo! Usimtie maiti maneno mdomoni, hata yakiwa mazuri. Andika ulichosikia namna hiyohiyo ulivyoniandikia mimi: midomo inacheza, nikasikia "la", nikasikia jina la Mungu, mimi si Muislamu sikujua maneno yenyewe. Wao wenyewe watajua. Na mtu akisoma kwamba Mkristo amesikia nusu na kasema nusu, atakuamini na yale mengine yote uliyoandika.

Mama Wawili

Hapo umenigusa. Ila mimi habari ya kiti ningeiacha. Itawasaidia nini? Mjane atakaa anafikiria "kumbe alikuwa njiani". Hiyo ni kujitua mzigo wewe na kumbebesha yeye.

Wakili Wa Mtaani

Habari ya kiti haiwezi kuachwa, na si kwa sababu ya dhamiri. Tiketi zina jina na namba ya kiti. Siku wafiwa watakapodai bima ya mtu wa tatu, au kesi ya dereva ikisikilizwa, itaonekana kiti cha marehemu kilikuwa cha njiani na mwili ulitolewa dirishani. Wakisikia mara ya kwanza mahakamani, tena kwa mdomo wa wakili wa upande wa pili, itakuwa mbaya mara kumi.

Na wewe ulishaandika maelezo polisi, sivyo? Basi mambo ya mwendo wa basi, taa za lori, dereva alikuwa anasinzia au la, hayo yote yaache polisi. Barua yako ukiandika "alikuwa anakimbiza sana" na polisi ulisema "sikuangalia", utasimamishwa kizimbani usomewe barua yako mwenyewe, na ushahidi wako wote utaonekana wa kubabaisha. Watakaoumia ni haohao wafiwa.

Jembe La Babati

Kwa hiyo bima inaingia. Si nilisema?

Wakili Wa Mtaani

Inaingia kwa wafiwa, Jembe. Tena wakishateua msimamizi wa mirathi.

Kondakta Mstaafu

Nimefanya kazi milangoni miaka kumi na tisa. Nina swali kabla hujaandika chochote. Umeshawasiliana nao?

Kiti Cha Dirishani

Namba niliipata kwa askari. Nilipiga mara moja, akapokea mdogo wake marehemu. Nikajitambulisha, kimya kirefu, akasema "tutakupigia". Hawakupiga, ni miezi minne sasa.

Na kuna kitu sikukisema. Siku ya ajali, jioni, nikiwa wodini Morogoro, alikuja mwanamume na binti mmoja wakasimama miguuni pa kitanda changu. Wakaniangalia. Yule binti akaziba mdomo kwa mtandio. Wakaondoka bila kusema kitu. Sijui walikuwa kina nani.

Mama Wawili

Labda walikosea wodi.

Jirani Mwema

Au wanadhani umechukua simu yake. Kwenye ajali za usiku watu wanasachi mifuko kabla hata majeruhi hawajatolewa. Shemeji yangu alizikwa bila saa na bila viatu. Kama simu ya marehemu na hela zake hazikuonekana, na wewe ndiye uliyekaa naye, mtuhumiwa wa kwanza ni nani?

Mrangi Halisi

Mimi ni wa Kondoa. Huku pia vishoka wa bima walizunguka sana baada ya ile ajali, wanapiga simu "mimi nilikuwa na marehemu, nitawasaidia kufuatilia". Mtu akipigiwa ya tatu ya namna hiyo hawezi kukuamini wa nne.

Kondakta Mstaafu

Yote yanawezekana. Lakini ngoja niwaambie kinachotokea ajali ikishatokea. Karatasi ya abiria inatoka ofisini: kiti namba fulani, jina fulani, simu fulani. Maiti na majeruhi wa pale hawana vitambulisho mkononi, wengine hawasemi. Mtu anauliza "huyu alikuwa kiti gani?" Anajibiwa "alitolewa dirishani, kushoto, safu ya nane". Wanaangalia karatasi: dirishani ni Kiti wetu huyu. Aliyetolewa njiani yuko hai, kapakiwa kwenye gari, jina la njiani ni la mzee.

Kiti, nyumbani kwenu walipigiwa simu siku ile?

Kiti Cha Dirishani

Mkuu umenitetemesha mwili.

Ndiyo. Mama yangu aliambiwa nimekufa. Alikaa na habari hiyo kuanzia alfajiri mpaka saa nne asubuhi, nilipoweza kuomba simu ya nesi. Watu walishaweka turubai. Sikuwahi kujiuliza kosa lilitoka wapi, nilidhani ni vurugu tu.

Kondakta Mstaafu

Basi na wao waliambiwa kinyume chake. Wameambiwa baba yenu yuko hai, kavunjika mkono, yuko Morogoro. Wakapanda gari Kondoa wakifurahi, wakaonyeshwa kitanda. Wakakuta ni wewe.

Mama Wawili

Ya Rabi.

Nesi Wa Zamu

Hii nimeiona kwa macho yangu, si kwa ajali hiyo. Ndugu anaingia anatabasamu ana chupa ya uji.

Jirani Mwema

Inawezekana. Mimi bado naiangalia simu.

Mtoto Wa Ukerewe

Kama ni hivyo nabadilisha kidogo. Habari ya kiti aiseme. Wafiwa wanajua jambo halikukaa sawa, hawajui kwa nini.

Mama Wawili

Na mimi narudi nyuma. Ila asiiweke juu. Aanze na mzee wao, asianze na goti lake.

Kiti Cha Dirishani

Nimekaa jana usiku, nimeandika hivi. Naomba mkosoe bila huruma. Majina nimetoa.

*Kwa familia ya Mzee. Shikamooni. Natumaini barua hii itawakuta salama. Mimi ndiye kijana niliyekaa na baba katika basi usiku ule. Ninaandika kwa huzuni kubwa na moyo uliopondeka. Kila ninapoamka nauona uso wake, na sijui kwa nini Mungu aliniacha mimi akamchukua yeye aliyekuwa bora kuliko mimi. Naomba mnisamehe. Baba hakuteseka, aliondoka kwa amani…*

Mrangi Halisi

Simama hapo. Mistari saba, na wewe umo katika mitano.

Nesi Wa Zamu

Na "hakuteseka" futa. Dakika arobaini amebanwa, nani atakuamini? Alisema anaumwa?

Kiti Cha Dirishani

Mwanzo alipiga kelele. Baadaye alisema miguu haisikii. Baada ya hapo hakulalamika tena, alikuwa anaongea polepole.

Nesi Wa Zamu

Andika hilohilo: mwanzo aliumia, baadaye akasema miguu haisikii, akatulia. Mtu akipoteza damu nyingi anakuwa kama mwenye usingizi. Hapo hujadanganya na hujawachinja.

Mpemba Asili

Na "naomba mnisamehe" nayo itoe. Ukimwomba mfiwa msamaha umemdai jibu. Wengine hawako tayari kujibu, wengine watakujibu kwa adabu tu. Waambie kilichotokea, wakitaka kusamehe watasamehe, wakiona hapakuwa na kosa watasema.

Mtoto Wa Ukerewe

Mimi ningeacha msamaha. Mtu hawezi kusema "mimi ndiye niliyeomba tubadilishane" halafu akanyamaza kama anasoma taarifa ya habari.

Wakili Wa Mtaani

Kisheria haina madhara, kubadilishana kiti si kosa. Chagueni nyie.

Kondakta Mstaafu

Alikwambia nini cha kufikisha? Mtu wa dakika arobaini huwa ana la kusema.

Kiti Cha Dirishani

Mambo mawili. Kwanza: "cherehani ni ya yule mdogo, mkubwa ana ya kwake". Alirudia. Pili, kwamba amebakiza elfu themanini Kariakoo kwa aliyemuuzia. Jina la duka hakutaja, au alitaja sikulishika. La deni naogopa kuliandika, nitaonekana nimekuja kudai.

Mpemba Asili

Deni ndilo la kwanza kuandika! Kwetu deni la maiti linalipwa kabla mirathi haijagawanywa, na roho ya mtu inasemwa imefungwa na deni lake. Andika: alisema amebakiza elfu themanini Kariakoo, duka sikulijua, mimi sihusiki na hela hiyo. Wao ndio wenye namba za watu wake.

La cherehani ni zito zaidi. Kuna watakaosema ni wasia, na wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wengine waridhie. Kuna watakaosema alishampa tangu anakinunua, si mali ya mirathi. Wewe usiseme ni wasia wala si wasia. Nukuu maneno yake.

Mrangi Halisi

Na chenyewe kiko wapi hicho kichwa cha cherehani?

Kiti Cha Dirishani

Kilitupwa nje pamoja na siti. Kanga ilifunguka, lakini nilikiona kwa macho yangu kikipakiwa kwenye pikapu ya polisi pamoja na mabegi.

Kondakta Mstaafu

Basi kipo. Mizigo ya ajali inawekwa stoo ya kituo, inaandikwa daftarini. Watu hawaifuati kwa sababu hawajui kama ipo, wanajua vyote vimeporwa. Andika tarehe ya ajali na kituo, waende na cheti cha kifo na barua ya serikali ya mtaa. Miezi saba si mingi, nimeona baiskeli imekaa miaka mitatu.

Chungwa La Muheza

Samahani nachomekea. Machungwa ya Msamvu yanatoka Muheza, muwe mnataja.

Mwanza Kongwe

Kila uzi huyu bwana lazima apite na machungwa yake 😀

Kiti Cha Dirishani

Hii ya pili. Nimeandika kwa mkono, hapa nimenakili.

*Kwa mdogo wake Mzee, umsomee na shemeji.*

*Mimi ndiye niliyekaa naye. Nyinyi mlikuja wodini mkanikuta mimi. Nadhani mliambiwa ni yeye, kwa sababu kiti cha dirishani kilikuwa changu kwenye tiketi. Nilimwomba tubadilishane pale Ubungo kwa sababu ya goti langu, akakubali. Kwetu nako walipigiwa simu wakaambiwa nimekufa.*

*Njiani alipakata kichwa cha cherehani, hakutaka kiwekwe chini. Msamvu alinunua machungwa, akanimenyea moja, ganda lote likatoka bila kukatika.*

*Baada ya ajali alikuwa hai kama dakika arobaini, na mimi nilikuwa karibu yake muda wote huo. Mwanzo aliumia, akapiga kelele. Baadaye akasema miguu haisikii, akatulia. Aliomba maji nikampa kwa kifuniko cha chupa. Alisema cherehani ni ya yule mdogo, mkubwa ana ya kwake. Alisema mara mbili. Alisema amebakiza elfu themanini Kariakoo, duka sikulijua, na mimi sina haki yoyote katika hela hiyo. Mwishoni midomo yake ilikuwa inacheza, nilisikia "la" na jina la Mungu. Mimi ni Mkristo, sikujua maneno yenyewe.*

*Simu yake sikuiona. Kichwa cha cherehani nilikiona kikipakiwa kwenye pikapu ya polisi.*

*Namba yangu ni hii. Si lazima mpige.*

Mama Wawili

Habari ya ganda la chungwa usiiguse. Hiyo ndiyo nitakayoisoma mara mbili ningekuwa mke wake.

Jirani Mwema

Na "simu yake sikuiona" umefanya vizuri.

Mtoto Wa Ukerewe

Msamaha umeutoa kabisa?

Kiti Cha Dirishani

Nimeutoa. Nimeurudisha. Nimeutoa.

Mrangi Halisi

Ijumaa napita huko. Usitume kwa basi wala usipige picha ukawatumia kwenye simu, itasambaa kwenye kundi la ukoo kabla mjane hajaiona. Nipe kwenye bahasha, nitamkabidhi huyo mdogo mtu mkononi baada ya swala, niondoke. Sitakaa kungoja majibu.

Kiti Cha Dirishani

Nakutumia ujumbe pembeni. Ahsanteni.

*(siku kumi na moja baadaye)*

Kiti Cha Dirishani

Wakuu, mrejesho mfupi. Hawakupiga. Jana uliingia ujumbe kwenye simu, namba ngeni: "Ile kanga ilikuwa ya rangi gani?"

Nafikiri ni yule binti. Ilikuwa usiku, mimi nakumbuka fundo tu. Nimejibu kwamba rangi siikumbuki, ila ilifungwa mafundo mawili juu, na pindo lilikuwa jeusi. Bado hajajibu.

Kondakta Mstaafu

Kituoni wamekwenda?

Kiti Cha Dirishani

Sijui. Sijauliza.

Jembe La Babati

Na wewe mbavu zako umedai?